Kiwanja Chini ya Mlima: Jinsi ya Kukipima Kabla Hujajenga Mwambao wa Kigoma

Watu wengi wanaonunua viwanja mwambao wa kaskazini wa Kigoma, kule ambako milima inashuka hadi karibu na maji, hufanya kipimo kimoja tu. Wanahesabu mita kutoka mtoni hadi kiwanjani, na zikizidi 60 wanalipa. Hizo mita 60 zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na lazima ziheshimiwe, lakini zinapimwa kutoka kwenye ukingo wa mto wa leo. Hazisemi mto utapita wapi mvua kubwa ikishuka mlimani.

Mdomoni mwa bonde la mlima, mto hauna njia ya kudumu. Ukitoka kwenye korongo jembamba unapata nafasi ya kutanuka, kina kinapungua, nguvu inakwisha, na mawe na mchanga uliokuwa umebebwa unaachwa hapo hapo. Miaka inavyopita, mzigo huo unajenga ardhi iliyotandaa kama upepeo wa ukindu, kishikio kikiwa mdomoni mwa korongo na ukingo mpana ukielekea ziwani. Nitaiita upepeo. Kila sehemu yake imewahi kuwa njia ya mto. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "mto uko mbali kiasi gani?" bali "mto ukitoka kwenye njia yake, utaelekea wapi?"

Mwongozo huu unakufundisha kulijibu mwenyewe, kwa vifaa vya fundi wa kawaida. Fanya kazi hii kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakati makorongo yana maji kidogo na kingo zake zinaonekana vizuri.

## Vifaa

- Simu yenye Google Earth. Fungua picha za eneo ukiwa mjini na uzihifadhi kama picha za skrini, maana vijiji vingine mtandao ni wa kubahatisha.
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mita 25 hivi, ule ambao mafundi hupimia levo ya msingi.
- Fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2, zilizowekwa alama kila sentimita 5.
- Tepu ndefu, pima maji, uzi wa fundi wa mita 10 na mambo ya kuchomeka ardhini.
- Sululu na koleo.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kumbukumbu.
- Watu wawili. Peke yako huwezi kushika ncha zote mbili za mpira.

## Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye upepeo

Fungua picha ya setelaiti na utafute mahali ambapo korongo linatoka mlimani. Upepeo unaonekana kwa umbo lake: ardhi inaanza nyembamba mdomoni mwa korongo na kupanuka kuelekea ziwani, na ufuko wa mbele yake mara nyingi umetokeza majini. Utaona pia mistari ya mikondo ya zamani inayotawanyika kutoka sehemu moja. Vijiji vingi kati ya Kigoma mjini na mpaka wa Burundi viko midomoni mwa mabonde kama haya kwa sababu inayoeleweka. Hapo ndipo penye ardhi ya kulimika, maji ya kunywa na mwalo wa kuegesha mitumbwi. Sehemu nyingine mlima unaingia ziwani moja kwa moja.

Ukifika eneo lenyewe, simama kiwanjani utazame juu. Kama ardhi inapanda taratibu na bila kukatika hadi mdomoni mwa korongo, uko kwenye upepeo. Ukiona umesimama juu ya bega la mwamba lililoshuka kutoka mlimani, lenye mawe yaliyoshikamana na ardhi na bonde pande zote mbili, hauko kwenye upepeo, na hatua nyingi zinazofuata hazikuhusu. Mabega kama hayo yana shida zake, kubwa ikiwa kupata maji, lakini si hii.

Umefanikiwa ukiweza kuonyesha kwa kidole mahali upepeo unapoanzia. Mahali hapo tutapaita kichwa cha upepeo.

## Hatua ya 2: Jua mlima wako unashusha nini

Kuna vitu viwili tofauti vinavyoweza kutoka kwenye korongo. Cha kwanza ni mafuriko ya ghafla: maji mengi yenye mchanga na kokoto, yanayopanda kwa dakika chache. Cha pili ni poromoko la tope na mawe. Hili ni zito kama zege mbichi, mita moja ya ujazo ina karibu tani 2, na mawe makubwa kuliko magunia ya mkaa hutangulia mbele yake. Nyumba inayoweza kusimama kwenye maji ya magoti haisimami mbele ya tope la kimo hicho hicho. Yaliyotokea Katesh tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilipotoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80, ni ya aina hii ya pili.

Kuna hesabu fupi inayosaidia kutenganisha. Pima kwenye Google Earth, kwa kutumia "Measure", eneo lote la bonde linaloleta maji kwenye kichwa cha upepeo, kwa kilomita za mraba. Kisha soma mwinuko wa kilele cha juu kabisa cha bonde hilo na utoe mwinuko wa kichwa. Jibu libadilishe liwe kilomita, uligawe kwa kipeuo cha pili cha eneo.

Tuchukue mabonde mawili ya mfano yanayolingana na milima ya huku, ambako ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na milima ya nyuma inafika 1,500 na zaidi. Yote mawili yanaanzia mita 1,500, na vichwa vyao viko mita 800. Tofauti ni mita 700, yaani kilomita 0.7.

Bonde la kwanza ni kubwa, kilomita za mraba 6.25. Kipeuo chake ni 2.5. Hesabu: 0.7 ÷ 2.5 = 0.28.

Bonde la pili ni dogo, kilomita 1 ya mraba. Kipeuo chake ni 1. Hesabu: 0.7 ÷ 1 = 0.7.

Chini ya 0.3, tarajia mafuriko ya maji. Kati ya 0.3 na 0.6, tarajia maji yaliyojaa mawe na mchanga mwingi. Juu ya 0.6, bonde linaweza kushusha tope na mawe, hasa likiwa fupi, chini ya kilomita 3.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanauogopa mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima na kujenga bila wasiwasi kwenye kijikorongo kinachokauka Julai. Kijikorongo kifupi chenye mwinuko mkali ndicho kinachoweza kushusha tope. Mto mkubwa una urefu wa kutosha kuacha mawe yake njiani. Kijikorongo hakina.

Tahadhari: mipaka hii ya namba ilitokana na utafiti wa milima ya nchi nyingine. Ichukue kama kidole kinachoonyesha upande, kisha hakikisha kwa macho kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Soma udongo

Huna haja ya kuchimba mara moja. Tafuta kwanza ukingo wa korongo uliokatwa na maji, shimo la choo linalochimbwa, au msingi mpya wa jirani. Omba ruhusa, piga hodi, ueleze unachotafuta. Ukikosa kabisa, chimba kiwanjani shimo la kufika kiunoni. Usizidishe hapo, maana kingo za changarawe huanguka bila kutoa ishara.

Safisha ukuta wa shimo kwa koleo, kisha utazame kwa makini.

Ukiona matabaka yaliyopangika, mchanga juu ya kokoto, kokoto juu ya mchanga, na mawe bapa yamelaliana kuelekea upande mmoja, hayo yaliletwa na maji.

Ukiona mawe makubwa na madogo yamechanganyika bila mpangilio, yameelea ndani ya udongo mzito, hayagusani, na mengine yamesimama wima, hilo lilikuwa tope. Maji hayawezi kulisimamisha jiwe wima katikati ya udongo. Tabaka la aina hii likiwa kiwanjani kwako, poromoko limeshafika hapo siku za nyuma. Hesabu yoyote ya hatua ya 2 inayosema vinginevyo iweke pembeni.

Angalia pia kama kuna mstari wa udongo mweusi kati ya matabaka. Huo ni udongo uliokuwa juu, ukaota majani na kulimwa, kisha ukafunikwa. Tabaka jeusi nene linaonyesha kwamba ardhi ilitulia muda mrefu kabla ya kufunikwa. Utulivu wa namna hiyo ndio unaowafanya watu waamini hakuna hatari, kwa sababu hata babu hakuona kitu.

Hata hivyo, waulize wazee. Usiulize "hapa kuna mafuriko?" kwa sababu jibu litakuwa "hapana, mto uko kule." Sema hivi: "Shikamoo mzee. Mwaka ule mto ulipokuja na mawe, ulipita wapi? Ule mwamba mkubwa pale penye michikichi ulikuwepo ulipokuwa mtoto?" Mtu anakumbuka kitu kuliko tarehe.

Ukiwa hapo, pima na mteremko. Funga uzi wa mita 10 kwenye mambo mawili, moja juu ya jingine kufuata mteremko, unyooshe kwa pima maji, kisha pima uzi uko juu kiasi gani upande wa chini. Ukipata sentimita 90, mteremko ni asilimia 9, karibu nyuzi 5. Upepeo uliojengwa na tope kwa kawaida huwa mkali namna hiyo au zaidi. Uliojengwa na maji huwa mpole.

## Hatua ya 4: Pima kama kiwanja kiko chini ya mto

Hiki ndicho kipimo kikuu. Kama una nusu siku tu, fanya hiki.

Mto unaopita juu ya upepeo unaacha mawe ndani ya njia yake wenyewe. Sakafu inapanda kila msimu hadi njia ya mto inakuwa juu kuliko ardhi ya pembeni. Siku ya mvua kubwa, gogo moja likikwama au kalavati likiziba, maji yanavunja ukingo na kushika njia fupi yenye mteremko mkali zaidi. Baada ya hapo hayarudi. Kwa hiyo unataka kujua kama ardhi yako iko juu au chini ya sakafu ya mto.

Kwanza, tafuta sehemu ya mto iliyo umbali sawa na kiwanja chako kutoka kichwa cha upepeo. Tuseme kiwanja kiko mita 300 kutoka kichwani. Tafuta mahali mto ulipo mita 300 kutoka hapo hapo. Sababu ni kwamba upepeo wote unateremka kuelekea ziwani. Kwenye mteremko wa asilimia 9, ukikosea mita 10 tu, unaongeza au kupunguza sentimita 90 zisizokuwepo, na jibu lote linaharibika.

Pili, jaza mpira maji polepole hadi usione povu hata moja ndani. Povu likibaki, levo ni ya uongo. Simamisha fito ya kwanza kwenye sakafu ya mto, fito ya pili mita 20 kuelekea kiwanjani. Shikizeni ncha za mpira kwenye fito zote mbili, msubiri maji yatulie, kisha kila mmoja asome kimo cha maji kwenye fito yake.

Ukisoma sentimita 80 mtoni na mwenzako sentimita 105, ardhi aliyosimama ni sentimita 25 chini yako. Namba kubwa maana yake ardhi iko chini. Andika "−25". Yeye abaki alipo, wewe mpite usonge mita 20 nyingine, mrudie hadi kiwanjani, kisha mjumlishe.

Namba ya mwinuko inayoonyeshwa na simu haifai kwa kazi hii. Inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na hapa tunatafuta sentimita.

Tuone kiwanja cha mfano, kwenye upepeo wa lile bonde dogo. Kiko mita 150 kutoka mtoni, zaidi ya mara mbili ya mita 60, na dalali anasisitiza: "Kaka, mto hata huusikii." Vipimo vinane vinajumlishwa na kutoa −60. Kiwanja kiko sentimita 60 chini ya sakafu ya mto. Si chini ya ukingo, chini ya sakafu. Mto ukivunja ukingo juu ya hapo, hiyo ndiyo njia yake, na mita zote 150 hazisaidii kitu.

Jibu linalotuliza ni hili: kiwanja kiko mita 3 au zaidi juu ya sakafu ya mto, na mto umezama kwenye mfereji wake kuanzia kichwani hadi chini ya usawa wako. Hapo mto una nafasi ya kubeba mzigo wake bila kutoka.

## Hatua ya 5: Panda hadi kichwani

Usikatize hatua hii kwa sababu ya kuchoka. Njia ya mto huamuliwa kichwani. Kosa dogo pale juu linahamisha mto mzima chini.

Pima kimo cha ukingo wa mto pale pale mdomoni mwa korongo. Kwenye kiwanja chetu cha mfano ukingo ni mita 1.2, na ndani ya mkondo kuna mawe yenye kimo karibu sawa na huo. Mawili kama hayo yakisimama pamoja, mto umeziba. Kichwa chenye ukingo mfupi hivi kinaifanya ardhi yote ya chini iweze kushikwa na mto, kulia na kushoto.

Tazama pia vitu vilivyojengwa na watu. Kalavati dogo au daraja fupi lililowekwa karibu na kichwa ni jambo baya kuliko kukosa daraja. Maji matupu yanapita, lakini magogo na mawe hayapiti, yanajipanga kama boma, na mto unageuka. Uliza magogo yaliyokwama mara ya mwisho yalitolewa na nani.

Mwisho, tazama mlima wenyewe. Makovu mekundu ya udongo uliomeguka, mashamba yaliyolimwa wima hadi ukingoni mwa korongo, na kilima kilichoungua kiangazi hicho, vyote ni mzigo unaosubiri mvua. Miti ya bonde inapunguza mzigo huo, na ni vizuri kijiji kiilinde. Haiondoi hatari. Mvua kubwa ya kutosha inashusha hata mlima wenye msitu.

## Hatua ya 6: Amua

Kama hatua ya 3 imeonyesha tope na hatua ya 4 imetoa namba hasi, usinunue kwa bei yoyote. Kiwanja cha mfano kinaangukia hapa. Hakuna msingi wa tofali utakaokiokoa.

Kama udongo ni wa maji matupu, kiwanja kiko theluthi ya chini ya upepeo, na mteremko ni mpole, unaweza kujenga kwa masharti. Inua msingi angalau mita 1. Upande mfupi wa nyumba uelekee kichwani, bila mlango wala dirisha kubwa upande huo, na vyumba vya kulala viwe upande wa ziwani. Usijenge ukuta mrefu wa kuzuia maji. Unayapeleka kwa jirani, na msimu ujao naye atakurudishia.

Theluthi ya juu, karibu na kichwa, iachwe iwe ya mashamba na michikichi. Nasema hili nikijua kinachotokea. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, familia zilizopoteza nyumba ufukweni zilihitaji pa kwenda, na ardhi iliyokuwa wazi ilikuwa ya juu. Wanakijiji hawana kosa. Lakini serikali ya kijiji inapogawa viwanja vya kuwahamishia watu, haifai kuwatoa kwenye maji ya ziwa na kuwaweka mdomoni mwa korongo. Peleka namba zako kwa mwenyekiti na afisa ardhi kabla ya mkutano wa kugawa, si baada yake.

## Hatua ya 7: Kama tayari unaishi hapo

Huwezi kuhamisha nyumba wiki hii, lakini unaweza kuandaa njia ya kukimbilia. Iwe ya pembeni, kuelekea bega la mwamba lililo karibu, wala isivuke mto. Kukimbia kuelekea ziwani ni kukimbia kwenye njia ile ile ya tope, na tope lina kasi kuliko mtu. Ipite njia hiyo usiku pamoja na watoto na wazee, bila umeme, ujue inachukua muda gani.

Mtu mmoja awe macho mvua kubwa ikinyesha usiku. Ishara ni hizi:

Mto unapungua ghafla wakati mvua bado inanyesha mlimani. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Juu kuna kitu kimeuzuia, na kikiachia kitakuja chote kwa pamoja. Watu hushuka kutazama kwa nini maji yamekauka. Usishuke.

Maji yanageuka mazito, yenye majani na mizizi mibichi.

Ngurumo inayoendelea bila kukatika, na ardhi inatetemeka chini ya miguu.

Usisubiri mvua inyeshe juu ya paa lako. Mvua ya kilele inaweza kuwa kubwa ilhali ufukweni kuna nyota. Mjini Uvira, ng'ambo ya ziwa, mto Mulongwe ulifurika kutoka milimani Aprili 2020, makumi ya watu wakafariki na maelfu ya nyumba zikaharibika. Fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuanzia Novemba, na mpeane namba na mtu anayeishi juu ya bonde ili apige simu akiona korongo limebadilika.

Ukishakuwa na namba zako, ziandike na tarehe, kisha urudie hatua ya 4 na ya 5 kila kiangazi. Mafuriko ya usiku mmoja yanaweza kupandisha sakafu ya mto kwa mita nzima, na kiwanja kilichokuwa juu mwaka huu kikawa chini mwaka ujao bila wewe kusogeza tofali.